Safari ya kuwafuata nyumbu wa Serengeti: mwezi upi, mahali gani, na bei inashuka wapi hasa

Nimekaa miaka kadhaa nikipanga safari za kwenda Serengeti kwa ndugu, marafiki, na baadaye kwa watu nisiowajua kabisa. Maswali ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nimeona niyaandike mara moja. Nimejibu kwa urefu pale penye mambo, na kwa ufupi pale pasipo na mengi.

Nyumbu huhama mwezi gani?

Swali hili ndilo linalowapoteza wengi, maana linachukulia kwamba kuna mwezi mmoja wa kuhama. Hakuna. Nyumbu wapatao milioni moja na laki tatu, wakifuatana na pundamilia zaidi ya laki mbili na swala tomi wengi, wako njiani mwaka mzima. Wanazunguka duara, na linalowasukuma ni mvua na majani yanayoota baada yake.

Tuanzie kusini. Kuanzia Desemba hadi Machi makundi huwa kwenye nyanda za majani mafupi, kuanzia geti la Naabi kwenda Ndutu na Kusini. Udongo wa huko ni majivu ya volkano ya zamani, una madini ambayo nyumbu jike anayenyonyesha anayahitaji, hasa kalisi na fosforasi. Chini kidogo ya udongo huo kuna tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hailipenyi, ndiyo maana unaona uwanda mtupu hadi macho yanachoka. Kwa nyumbu ni pazuri mara mbili: chakula bora, na adui anaonekana kutoka mbali. Hapo ndipo wanapozaa. Ndama wengi sana huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi, kwa kawaida mwezi Februari, na ndama husimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa.

Tatizo la nyanda hizo ni kwamba maji hayakai. Mvua ikikata, majani hunyauka na vidimbwi vilivyobaki huwa na magadi. Basi kuanzia Aprili na Mei makundi huondoka kupitia maeneo ya Moru na Seronera, mengine hukunja magharibi kuelekea mto Grumeti. Mwisho wa Mei na Juni ni wakati wa kupandana, na madume hupiga kelele usiku kucha. Nakuambia hilo mapema kama usingizi wako ni mwepesi.

Julai wanaanza kufika kaskazini. Kuanzia hapo hadi Oktoba wako pande zote mbili za mto Mara: Kogatende na Lamai upande wa Tanzania, na hifadhi ya Maasai Mara upande wa Kenya. Mwisho wa Oktoba na Novemba, mvua za vuli zikianza kunyesha kusini, wanageuza na kushuka kupitia upande wa mashariki, Lobo na Loliondo, kurudi walikozaliwa.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni "mwezi ninaoweza kusafiri, wao watakuwa wapi?" Ukishajibiwa hilo, bei nayo utaielewa.

Mbona Julai hadi Oktoba ndiyo miezi ghali?

Kwa sababu ya mto. Picha ya nyumbu akiruka kwenye maji huku mamba akisubiri imezunguka dunia nzima, na miezi ya kuvuka inaangukia kwenye likizo ndefu za Ulaya na Marekani. Pia ni kiangazi: barabara ni kavu, majani ni mafupi, wanyama wanaonekana kirahisi. Mambo matatu yamekutana mahali pamoja, na vitanda vya kaskazini ni vichache.

Ila angalia: bei hiyo ya juu hutozwa karibu hifadhi nzima, hata mahali ambapo nyumbu hawapo. Agosti utalipa bei ya msimu wa juu kwenye hoteli ya Seronera, wakati makundi makubwa yako mwendo wa saa nne au tano kaskazini kwako. Seronera ina simba na chui mwaka mzima, sikatai. Lakini kama umelipa bei hiyo kwa ajili ya mto, umelipia kitu usichokiona.

Viingilio vya hifadhi vinashuka miezi ya kimya?

Hapa wengi wanakosea hesabu, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwa raia wa Afrika Mashariki, kiingilio cha Serengeti hakibadiliki kwa msimu. Mtu mzima ni shilingi 10,000 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani 11,800 kwa saa 24. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 ni 2,000 na kodi, yaani 2,360. Aliye chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu. Februari, Aprili, Agosti, ni ile ile.

Kwa mgeni asiye mkaazi kuna tofauti, lakini ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ni dola 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na dola 60 kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei. Ukiweka kodi ni dola 82.60 dhidi ya 70.80. Wageni wanne kwa siku tatu wanaokoa dola 141.60. Si haba, lakini si kitu cha kumfanya mtu abadilishe tarehe za likizo.

Ukivuka mpaka hali ni nyingine kabisa. Maasai Mara humtoza mgeni asiye mkaazi dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Wageni wale wale wanne, siku tatu zile zile: dola 1,200 au dola 2,400. Huko tarehe 30 Juni na tarehe 1 Julai ni siku mbili zilizotengana sana. Tena tiketi ya Mara ni ya saa 12, asubuhi hadi jioni, ilhali ya Serengeti ni ya saa 24 tangu unapoingia getini. Ukiingia Serengeti saa nane mchana, una muda hadi saa nane ya kesho yake. Dereva mzoefu hupanga safari kwa saa hiyo, na wewe unapaswa kuijua ili usilipie siku ya ziada kwa kuchelewa nusu saa kwenye chakula cha mchana.

Viwango hupitiwa upya mara kwa mara, na mwaka wa fedha huanza Julai. Kabla ya kulipa, tazama jedwali la TANAPA la mwaka unaosafiri, lisiwe la mwaka jana ulilotumiwa na rafiki. Getini hawapokei fedha taslimu. Unalipa kwa kadi au kwa namba ya malipo. Raia aje na kitambulisho au pasipoti, la sivyo mazungumzo yatakuwa marefu.

Basi nafuu inatoka wapi kama si getini?

Inatoka kwenye vitanda na kwenye siku za gari. Ngoja tufanye hesabu ya familia moja: baba, mama na watoto wawili, raia, wanatoka Arusha na Landikruza ya kukodi. Bei za kitanda na gari nilizoweka hapa ni za mfano tu, nimezichagua ziwe rahisi kuhesabu. Weka zako utakazopewa. Gari pamoja na dereva na mafuta ni laki sita kwa siku. Kitanda kwenye kambi ya hadhi ya kati, pamoja na chakula, ni laki tatu na nusu kwa mtu mzima msimu wa juu na laki mbili msimu wa chini. Watoto wanalipa nusu, kwa hiyo familia nzima ni sawa na watu wazima watatu.

Wakienda Agosti kuona mto wanahitaji angalau usiku mitatu Kogatende. Chini ya hapo ni kucheza kamari. Kutoka Arusha hadi Kogatende hakuendeki vizuri kwa siku moja, kwa hiyo wanalala Seronera wakienda na wanalala tena njiani wakirudi. Hiyo ni usiku mitano na siku sita za gari. Vitanda ni 1,050,000 kwa usiku, mara tano ni 5,250,000. Gari ni 3,600,000. Jumla ni 8,850,000 kabla ya viingilio.

Wakienda Februari kuona ndama Ndutu, wanatoka Arusha asubuhi na wanafika mchana wa siku hiyo hiyo. Usiku mitatu, siku nne za gari. Vitanda kwa bei ile ile ya juu ni 3,150,000, gari ni 2,400,000. Jumla ni 5,550,000.

Umeona kilichotokea? Bei ya kitanda haikushuka hata senti, lakini safari imepungua kwa milioni tatu na laki tatu. Ni umbali peke yake uliofanya hivyo. Muda wa kuwatazama wanyama ni ule ule, usiku mitatu mahali walipo.

Sasa wasogeze hadi siku za mwisho za Machi, kwenye kambi ambayo imekwisha kushusha bei. Vitanda vinakuwa 600,000 kwa usiku, mara tatu ni 1,800,000. Gari ni 2,400,000 kama awali. Jumla ni 4,200,000, yaani chini ya nusu ya safari ya Agosti. Wamepoteza nini? Kilele cha kuzaa kimepita, ingawa ndama wa mwezi mmoja na zaidi wamejaa kila mahali na duma na fisi bado wanawawinda. Na wamebeba hatari ya mvua, ambayo nitaisema mbele.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama miezi ya kimya ni nafuu, huwa namjibu kwamba kusini ni nafuu kwanza, mwezi unafuata. Kwa anayetoka Mwanza au Musoma hesabu inageuka kidogo. Kwake kaskazini kunafikika kupitia Mugumu bila kupita Ngorongoro kabisa, na mto unaweza kuwa karibu kuliko Ndutu.

Ngorongoro inaingiaje kwenye hesabu?

Barabara ya Arusha kwenda Serengeti inakatiza eneo la Ngorongoro, na kupita tu kunalipiwa, kwenda na kurudi kama ukikaa Serengeti zaidi ya saa 24. Kwa raia ni kiasi kidogo. Kwa mgeni asiye mkaazi ni dola 70.80 kila mara pamoja na kodi, na hilo ndilo linalowashtua waliosoma "kiingilio cha Serengeti" pekee.

Ndutu nako kuna jambo lake: sehemu yake kubwa iko upande wa Ngorongoro, si Serengeti. Kambi yako ikiwa huko na asubuhi ukataka kuvuka kwenda upande wa Naabi, unaingia hifadhi nyingine na kiingilio kingine. Upande wa Ngorongoro gari linaruhusiwa kuacha barabara kwenye nyanda za Ndutu msimu wa kuzaa, jambo ambalo Serengeti hairuhusu. Mara nyingi watu wa Ndutu hawana haja ya kuvuka kabisa, maana nyumbu wako mlangoni. Panga usiku wako upande ambao makundi yapo na utalipa mara moja.

Nikienda Agosti, nitaona wakivuka mto?

Hakuna anayeweza kukuahidi, na anayekuahidi mkimbie.

Watu wengi hudhani kuvuka hutokea mara moja: makundi yanafika mtoni, yanaingia maji, basi. Kumbe nyumbu huvuka kwenda na kurudi mara nyingi kati ya Julai na Oktoba. Mvua ya mahali ikinyesha ng'ambo wanaifuata; wiki ijayo ikinyesha huku wanarudi. Ndiyo maana Septemba ni nzuri sawa na Agosti, na mara nyingi magari hupungua baada ya likizo za Ulaya kumalizika. Bei nyingi hubaki juu lakini utapata nafasi ya kupumua. Mimi binafsi nikipewa kuchagua nachagua wiki mbili za mwisho za Septemba.

Siku yenyewe huwa hivi. Unaona vumbi linapanda kutoka uwandani na mstari wa nyumbu ukielekea ukingoni. Wanakusanyika, wanazidi kukusanyika, walio nyuma wanasukuma walio mbele. Wa mbele wanashuka, wananusa maji, wanapanda tena. Hilo linaweza kuchukua saa tatu nne, kisha pundamilia mmoja akapiga kelele na kundi zima likageuka kwenda kula. Au mmoja anajitosa, na ndani ya dakika chache mto umefunikwa. Vivuko vya Kogatende vina namba, na madereva huitana kwa redio wakitaja namba hiyo. Ukisikia namba ile ile inatajwa na magari matatu, dereva wako atakuwa tayari ameshawasha injini.

Kosa kubwa pale ni gari kusogea ukingoni mapema. Nyumbu wa kwanza akiona gari limeziba njia yake ya kushuka au ya kutokea ng'ambo, anageuka, na wote wanageuka naye. Magari yanapaswa kukaa mbali hadi wa kwanza awe ndani ya maji. Mwambie dereva wako siku ya kwanza kabisa kwamba hutamlaumu kwa kukaa nyuma. Madereva wengi husogea kwa sababu mteja anawapigia kelele.

Tena uwe tayari kwa utakachokiona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 huzama mto Mara kila mwaka. Mizoga hukaa mtoni kwa wiki na harufu yake inasikika. Watoto wengine wanalichukua vizuri, wengine hapana, unamjua mwanao.

Aprili na Mei ni pabaya kiasi gani kweli?

Inategemea unalala wapi, na gari gani.

Mwaka mmoja nilipeleka watu Ndutu katikati ya Aprili. Mwenye kambi alinihakikishia kwamba njia inapitika. Ilipitika siku ya kwanza. Usiku ikanyesha, na asubuhi tulizama kwenye udongo mweusi mita mia nane tu kutoka kambini. Udongo ule ukilowa unashika tairi kama ugali wa moto. Ukikanyaga mafuta unazidi kuzama. Tulikaa hadi saa tisa alasiri tukisubiri gari jingine lije na mnyororo, huku nyumbu wanatupita kushoto na kulia bila haraka. Wateja walicheka, baadaye. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimelipia siku nzima.

Nilichojifunza ni kwamba tatizo la masika ni udongo wa mahali unapolala zaidi ya mvua yenyewe. Mvua mara nyingi hunyesha mchana au usiku na kuacha asubuhi safi, anga la kupendeza, vumbi hakuna. Ukilala Seronera, kwenye hoteli ya kudumu iliyo karibu na barabara kuu, unatoka na kurudi. Na mwezi huo makundi yanapita karibu na hapo hapo, Moru na kando zake. Ukilala kwenye kambi ya mahema uwandani unakuwa mfungwa wa mvua. Kambi nyingi za kuhamahama zenyewe hung'oa mahema yao Ndutu Machi ikiisha na kuyasimika tena kaskazini Juni au Julai. Iliyobaki wazi Aprili, uliza kwa nini, na uliza gari lilikwama mara ngapi mwaka jana.

Kwa raia anayetaka kutumia fedha kidogo kabisa, Mei kuanzia katikati ndiyo ninayoipenda. Mvua inapungua, vitanda vingi bado viko bei ya chini, makundi yanasogea katikati na magharibi kwa mistari mirefu, na barabarani unaweza kukaa saa nzima bila kuona gari jingine. Majani ni marefu, kwa hiyo chui na duma watakusumbua kuwaona. Nyumbu hawana shida hiyo, ni wengi mno kujificha.

Na Novemba?

Ni mwezi wa kubahatisha, kwa maana nzuri. Bei ziko chini, mvua ni za vipindi vifupi, na makundi yako njiani kushuka. Shida ni kwamba wamesambaa. Ukienda Novemba usiweke kambi moja kwa siku zote: lala Lobo au kaskazini-kati kwanza, kisha Seronera, uongeze nafasi ya kukutana nao. Desemba ya mwanzo ni hivyo hivyo, ila usiingie kwenye wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya. Kuanzia tarehe 20 hivi bei hupanda, na hoteli nyingi huongeza tozo ya sikukuu juu yake.

Nililipia mwezi sahihi lakini sikuona nyumbu. Kosa lilikuwa wapi?

Karibu kila mara kosa ni mahali. Serengeti ina kilomita za mraba zaidi ya 14,000, na jina la kambi halikuambii iko upande gani. Mtu ananunua "usiku mitatu Serengeti, Septemba", anapelekwa Grumeti kwa sababu kambi ile ilikuwa na nafasi. Grumeti ni nzuri mwezi Juni. Septemba anaweza kukaa pale akiwaona viboko na twiga, huku nyumbu wako Lamai.

Njia rahisi ya kujikinga: omba jina la kiwanja cha ndege kilicho karibu na kambi, hata kama unakwenda kwa gari. Kiwanja kikiwa Kogatende, uko kaskazini. Kikiwa Seronera, uko katikati. Ndutu, uko kusini. Wakala anaweza kuipaka kambi maneno mazuri, lakini kiwanja cha ndege hakihami. Na kama utaruka kweli kwa ndege ndogo, mzigo ni kilo 15, kwenye begi laini.

Naweza kuanza Maasai Mara na kuvuka moja kwa moja kwenda Serengeti?

Hapana. Njia ya watalii kati ya hifadhi hizo mbili ilifungwa mwaka 1977 na haijafunguliwa tena. Nyumbu wanavuka bila pasipoti, wewe unazunguka hadi Isebania na Sirari. Hesabu siku nzima kwa ajili hiyo. Kama lengo ni mto tu, chagua upande mmoja ubaki hapo.

Mvua ikichelewa au ikipotea, nitajuaje mapema?

Mvua ndiyo kalenda ya nyumbu, kwa hiyo fuatilia mvua ya vuli kama unapanga Januari hadi Machi. Ikinyesha vizuri nyanda za kusini Novemba na Desemba, majani yatakuwepo na makundi yatatulia uwandani. Isiponyesha, wanabaki pembezoni, kwenye miti, upande wa Moru na Maswa, na wanakwenda uwandani kwa siku chache tu kila mvua inapodondoka. Kuzaa hakusubiri sana. Ndama watazaliwa, lakini utawaona kwenye vichaka badala ya uwanda wazi.

Dalili nzuri ni kumuuliza dereva aliyetoka huko wiki hiyo maswali mawili: vidimbwi vya uwandani vina maji, na jioni nyumbu wanaelekea wapi? Wakila huku wamesimama wametawanyika, watakaa. Wakitembea kwa mstari mmoja mmoja vichwa chini, wanahama, na kesho kutwa hawatakuwepo. Picha za mitandaoni usizitegemee, nyingi ni za mwaka mwingine.

Nihifadhi nafasi lini?

Kwa Kogatende, Julai hadi Septemba, mwaka mmoja kabla si mapema sana. Vitanda ni vichache na makampuni makubwa huvishika kwanza. Februari Ndutu, miezi sita hadi minane. Mei na Novemba unaweza kupiga simu wiki mbili kabla na ukajadiliana bei, maana kitanda kitupu hakimlipi mtu. Hapo ndipo kusubiri kunalipa: unaangalia mvua, unamuuliza dereva, ndipo unalipa. Agosti huna anasa hiyo. Unalipa kabla hujajua lolote.

Niulize nini kabla ya kutoa malipo ya awali?

Tarehe kamili ambayo bei inabadilika. Hoteli chache hushusha katikati ya Machi, nyingi hungoja mwanzo wa Aprili, na siku tatu za kusogeza zinaweza kukuokoa fedha nyingi kuliko ofa yoyote. Kisha uliza kama bei ina tozo ya kulala ndani ya hifadhi na kodi, kwa sababu bei mbili zinazofanana kwenye karatasi zinaweza kutofautiana sana tozo hiyo ikiongezwa mwishoni. Kama unapeleka mgeni, uliza pia kama kupita Ngorongoro kwenda na kurudi kumeshahesabiwa.

La mwisho, uliza itakuwaje ikiwa barabara haitapitika: watakuhamishia kambi nyingine, watarudisha fedha, au utakula hasara? Mimi siku ile ya Ndutu sikuwa nimeuliza. Mwenye kambi alinionyesha mstari mdogo kwenye karatasi niliyoisaini, akaniongezea chai.